Vigelegele kwenye spini uliyoliwa

Shemeji yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na simu mkononi, sauti iko juu, anacheza sloti, ile kamari ya magurudumu. Kila spini anaweka 20. Magurudumu yakazunguka, yakasimama, kisha simu ikalipuka kwa muziki, kengele zinalia, sarafu zinamwagika kwenye kioo, na katikati neno WIN kwa herufi kubwa za dhahabu na namba inapanda: 1, 2, 3, 4, 5, 6.

"Shem, umeona? Imetoa tena."

Nikaangalia pale chini kabisa kwenye kona, kwenye salio. Kabla hajabonyeza lilikuwa 380. Sasa linasoma 366.

Sikusema kitu, maana yeye alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli kabisa, hakuwa anajifanya. Ameweka 20, amerudishiwa 6, amepoteza 14, na mwili wake mzima unamwambia ameshinda. Hiyo picha imekaa kichwani mwangu wiki kadhaa sasa, na sio kwa sababu ya shemeji. Ni kwa sababu ya zile kengele. Kuna mtu alikaa ofisini, akaandika kwamba ikirudi 6 kwenye 20 basi piga muziki.

Nimesoma sana tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

## Laini 20, na moja tu imeshika

Mashine za zamani zilikuwa na laini moja. Unaweka pointi moja, alama tatu zikipangana katikati unalipwa, zisipopangana umeliwa. Kwa mashine ya namna hiyo ni vigumu kulipwa chini ya ulichoweka, kwa hiyo kengele ikilia ilikuwa inasema kweli, una zaidi ya ulichokuwa nacho.

Sloti za sasa za kwenye kioo zina laini nyingi, 9, 20, 25, nyingine mpaka 50 na zaidi, zinapita juu, chini, zigizaga, na wewe unabeti kwenye zote kwa mpigo mmoja. Ukiweka pointi 1 kwa kila laini na laini ziko 20, hiyo ni dau la 20 kwa spini. Sasa laini moja ikishika na inalipa 6, ina maana laini moja imekulipa na laini 19 zimekula. Mashine inasherehekea hiyo moja. Zile 19 hazina sauti yoyote.

Tuchukue mfano wa spini sita, dau 20 kila moja, unaanza na 400. Ya kwanza inarudisha 0, unabaki na 380. Ya pili inarudisha 6, unakuwa na 366. Ya tatu 0, unashuka 346. Ya nne inarudisha 15, uko 341. Ya tano 0, 321. Ya sita inarudisha 30, unapanda 331.

Umesikia muziki mara tatu kati ya sita. Nusu ya muda wako ni sherehe. Lakini ni spini moja tu ndiyo imekuongezea hela, ile ya sita, na imekuongezea 10 tu. Kwa jumla umeweka 120, imerudi 51, zimeondoka 69.

Ukimuuliza mtu aliyetoka kucheza spini hizo sita "umeshinda ngapi?" atakwambia tatu. Na hajadanganya, ndivyo alivyosikia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, timu ya Mike Dixon na Kevin Harrigan, ndio walioichimba hii kitu kwa kina, na mwaka 2010 walitoa utafiti wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kusema ni hasara iliyovalishwa nguo za ushindi. Waliwaweka watu wasio wazoefu kwenye mashine halisi ya laini nyingi wakiwa wamewafunga vipimo vya jasho kwenye vidole, kwa sababu mwili ukisisimka ngozi inatoa jasho kidogo sana ambalo wewe mwenyewe hulioni ila kipimo kinalikamata. Spini za kuliwa kabisa ziliamsha mwili kidogo. Spini za ushindi wa kweli ziliamsha zaidi. Na zile za kurudishiwa pungufu ya dau?

Ziliamsha mwili kama ushindi.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Maana mimi nilikuwa nafikiri hii ni habari ya hesabu, kwamba shemeji hakuangalia tu salio, angeangalia angejua. Kumbe vidole vilikuwa vimeshajibu kabla macho hayajafika kwenye kona ya salio.

## Lakini 6 si imerudi kweli?

Hili swali limenisumbua kuliko yote na sitaki kulipita haraka.

Mtu anaweza kusema, we jamaa unalalamika nini, 6 imerudi, ni hela halali, 6 ni bora kuliko 0, kwa nini mashine isimwambie mchezaji kwamba kuna kitu kimerudi? Na ana hoja. Mashine haijasema uongo kwenye namba. Imeandika 6 na 6 imeingia. Tena mashine yenye marejesho madogomadogo mengi si lazima ikule zaidi kuliko isiyo nayo, zote mbili zinaweza kuwa zimepangwa zirudishe asilimia 90 ya dau kwa muda mrefu, tofauti ni jinsi hiyo 90 inavyogawanywa, vipande vingi vidogo au vichache vikubwa.

Nimekaa na hoja hiyo siku nyingi. Mwishowe nimegundua kinachonikera sio 6, ni mahali ambapo mashine inaanzia kuhesabu. Namba ya WIN inaanza kwenye sifuri na kupanda mpaka 6, kana kwamba ile 20 haikuwahi kuwa yako. Kama ingeanza kwenye pengo, yaani ikaanza kwenye -20 na kupanda mpaka -14 halafu ikasimama, ingekuwa ni 6 ileile, hesabu ileile, na hakuna mtu ambaye angecheka.

Angalia sasa jinsi vitu viwili vinavyofanyika tofauti. Ukibonyeza, 20 inaondoka kwenye salio mara moja, kimya, kwa mruko mmoja, 380 inakuwa 360 na macho yako muda huo yako juu kwenye magurudumu yanayoanza kuzunguka. Ikirudi 6, inahesabiwa moja baada ya nyingine, inachukua sekunde kadhaa, kila namba na mlio wake, na taa, na alama zilizoshika zinacheza. Kutoka kwa 20 hakuna sauti na kuingia kwa 6 kuna bendi nzima.

Hakuna sababu yoyote ya kiufundi ya kufanya hivyo. Kompyuta inajua zote mbili kwa wakati mmoja.

## Walipobadilisha sauti

Hiki ndicho kipande kilichonibadilisha mawazo, kwa sababu kilinionyesha kwamba sauti sio pambo tu.

Timu ileile ya Waterloo ilifanya majaribio mengine, matokeo yakatoka mwaka 2014 na 2015. Kwanza walilinganisha mchezo wenye sauti na mchezo uliozimwa sauti, halafu wakawauliza wachezaji wakadirie wameshinda mara ngapi. Watu walikadiria zaidi ya ukweli kwenye hali zote mbili, hata bila sauti, lakini kwenye sauti walizidisha zaidi. Na wengi walisema wanapenda zaidi mchezo wenye sauti, jambo ambalo halishangazi.

Kisha wakaenda mbele. Wakaacha kila kitu kama kilivyo isipokuwa sauti ya zile spini za kurudishiwa pungufu, badala ya muziki wa kushinda wakaweka sauti mbaya, ya kuashiria umepoteza. Namba ni zilezile na magurudumu ni yaleyale.

Watu wakaanza kuziita hasara. Na makadirio yao ya mara ngapi wameshinda yakasogea karibu na ukweli.

Yaani fikiria hapo. Kila siku tunaambiwa mchezaji hajui hesabu, mchezaji ni mlevi wa bahati, mchezaji hana nidhamu, na kumbe ukibadilisha faili moja ya sauti mtu yuleyule, kichwa kilekile, anahesabu vizuri. Elimu haikuongezwa wala hakuna semina iliyofanyika. Ilibadilishwa sauti tu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "sauti ni burudani tu" nakataa. Sauti ndiyo inayomwambia mchezaji aiweke spini hii kwenye kapu gani, la ushindi au la hasara, na inamwambia kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

## Chupuchupu

Sasa nije kwenye ile nyingine ambayo kila mtu anaijua, ile ya kukosa kidogo. Jakpoti, jakpoti, na la tatu limesimama hatua moja juu ya laini. Unaliona kabisa, liko pale, na watu wote waliozunguka wanashika vichwa.

Kwenye mashine za magurudumu ya chuma, hii chupuchupu ilikuwa na uhalisia fulani kwa sababu gurudumu ni kitu cha kushikika, lina vituo 22 tuseme, na likisimama kituo cha jirani basi ni kweli lilibakiza kidogo. Lakini mwaka 1984 kuna bwana anaitwa Inge Telnaes alipewa hataza ya Marekani ambayo ilibadilisha biashara yote. Wazo lake ni kwamba gurudumu lisiamue chochote tena. Kompyuta inachagua namba kwa bahati nasibu, na namba hiyo ndiyo inayoliambia gurudumu lisimame wapi. Na kwa kuwa namba ni nyingi kuliko vituo, unaweza kuamua kituo kipi kipewe namba nyingi na kipi kipewe chache.

Hebu tuipige kwa mfano wangu mwenyewe, namba za kubuni ili tuelewane. Gurudumu lina vituo 22 na kompyuta ina namba 64. Jakpoti iko kituo kimoja. Kama gurudumu lingekuwa linaamua lenyewe, jakpoti ingesimama kwenye laini mara 1 kati ya 22, na kwa magurudumu matatu ni 22 × 22 × 22, mara 1 kati ya 10,648. Sasa tunampa jakpoti namba 1 tu kati ya 64. Kwa magurudumu matatu inakuwa mara 1 kati ya 262,144. Gurudumu unaloliona kwa macho ni lilelile, alama ni zilezile, huwezi kujua.

Na zile namba zilizobaki unazigawa. Juu ya jakpoti kuna kituo kitupu, chini yake kuna kitupu kingine. Wape kila kimoja namba 6. Maana yake ni nini? Kitupu cha juu kikisimama kwenye laini, jakpoti inaonekana hatua moja chini ya laini. Kitupu cha chini kikisimama, jakpoti inaonekana hatua moja juu. Kwa hiyo kwenye gurudumu hilo moja, jakpoti itaonekana pembeni ya laini mara 12 kwa kila mara 1 inayokaa kwenye laini.

Nikapiga hesabu ya kioo kizima. Kila gurudumu linaonyesha jakpoti mahali fulani kwenye dirisha mara 13 kati ya 64. Kwa magurudumu matatu, uwezekano wa kuiona angalau moja ni kama asilimia 49. Karibu kila spini ya pili. Gurudumu la haki la vituo 22 lingekuonyesha kwa asilimia 36 hivi.

Jakpoti imefanywa ngumu zaidi ya mara 24, na wakati huohuo imefanywa ionekane mara nyingi zaidi.

Kule Nevada mwisho wa miaka ya 1980 lilizuka jambo kuhusu mashine za kampuni ya Universal. Hizo zilikuwa zinafanya kitu cha ziada, zikishaamua umekosa, programu inachagua tena ni kukosa kwa namna gani kuonyeshwe, na inapendelea zile za chupuchupu kwenye laini yenyewe. Tume ya kamari ya Nevada ilikataa. Mpaka leo kanuni zao zinasema matokeo yakishachaguliwa mashine isifanye uamuzi wa pili wa kubadilisha kinachoonyeshwa kwa mchezaji. Lakini mtindo wa Telnaes wa kugawa namba ukaendelea kuruhusiwa, kwa sababu pale uamuzi ni mmoja tu, ni kwamba umeshapangwa kwa uzito tangu mwanzo.

Nimeisoma tofauti hiyo mara kadhaa. Kisheria naielewa. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo sioni inamsaidia nini.

## Hapa nina shaka

Sasa ningependa kukwambia chupuchupu inawafanya watu wacheze zaidi, imethibitishwa, tumemaliza. Lakini sio rahisi hivyo, na nikikwambia hivyo nitakuwa nakuuzia kitu.

Mwanasaikolojia Skinner alishaandika mwaka 1953 kwamba kukaribia kupata kunaweza kumfanya mtu acheze tena na wala hakumgharimu mwenye mashine chochote. Wazo likakaa vizuri sana vichwani mwa watu. Mwaka 2001 watafiti Kassinove na Schare walijaribu viwango vitatu vya chupuchupu, asilimia 15, 30 na 45, na waliopata 30 ndio waliong'ang'ania zaidi baada ya ushindi kukatwa. Kwamba ikizidi sana inapoteza makali, hiyo ilinivutia, maana inaonyesha sio suala la kurundika tu.

Halafu kuna kazi ya Luke Clark na wenzake wa Cambridge, 2009, ambayo ndiyo inatajwa kila mahali. Magurudumu mawili, alama sita. La kushoto linachaguliwa alama, mara nyingine na mchezaji mwenyewe, mara nyingine na kompyuta, kisha la kulia linazunguka. Likisimama sawa umeshinda. Likisimama hatua moja pembeni ni chupuchupu. Watu walisema chupuchupu inaudhi kuliko kukosa mbali, na bado iliwaongezea hamu ya kucheza tena, na kwenye picha za ubongo sehemu zinazowaka mtu akishinda zilionyesha uhai kwenye chupuchupu pia.

Ila ile hamu iliongezeka pale tu mchezaji alipokuwa amechagua alama mwenyewe. Kompyuta ikichagua, haiongezeki.

Hilo sharti huwa linaachwa mtu akisimulia utafiti huu, na kwangu ndilo lenye uzito. Chupuchupu haifanyi kazi peke yake, inahitaji wewe uamini mkono wako ulihusika. Kwenye mpira ukipiga mwamba, ni kweli umekaribia, rekebisha mguu kidogo utafunga. Kwenye sloti hakuna mguu wa kurekebisha, lakini ukipewa kitufe cha kusimamisha magurudumu mwenyewe, hisia inakuwa ileile, ingawa kwenye sloti za kompyuta za kawaida matokeo yalishachaguliwa ulipobonyeza mara ya kwanza na kitufe cha kusimamisha kinaharakisha tu picha.

Na mwaka 2020 Pisklak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta walipitia ushahidi wa miongo yote hiyo, wakafanya na majaribio yao, hawakuona kwamba chupuchupu inamfanya mchezaji aendelee kucheza kama ushindi unavyofanya. Kwa hiyo ubishi upo, na ni ubishi wa watu wazito.

Mimi nimefika hapa: kuhusu chupuchupu ninakubali kwamba mwili na hisia vinaguswa, ila kama inamfanya mtu kweli akae saa moja zaidi, ushahidi ni mchanganyiko. Kuhusu hasara inayopigiwa kengele ushahidi umenyooka zaidi, kwa sababu hapo hatupimi hamu, tunapima kama mtu anajua kilichompata, na jibu ni kwamba hajui.

Nilianza haya yote nikitaka kuandika juu ya chupuchupu. Kengele zimechukua nafasi.

## Lile gurudumu la mwisho

Kuna mahali viwili hivi vinakutana na nadhani hapa ndipo ufundi ulipo hasa.

Sloti nyingi zina alama ya bonasi, ukipata tatu popote unapewa spini za bure. Ikitua ya kwanza unasikia mlio. Ya pili, mlio uleule umepanda juu kidogo. Na sasa magurudumu yaliyobaki yanabadilika, yanazunguka muda mrefu kuliko kawaida, mwanga unayazunguka, na kuna sauti inapanda, inapanda, inapanda. Halafu linasimama, hamna kitu.

Mara nyingi hamna kitu. Na kompyuta ilishajua hamna kitu tangu ulipobonyeza. Zile sekunde za kusubiri hazitumiki kuamua chochote, zimeongezwa kwa makusudi kwenye spini ambayo tayari ni ya hasara, ili hasara hiyo uione kama jambo lililokuwa linaelekea mahali. Ukikaa karibu na mtu anayecheza angalia mabega yake muda huo, yanapanda na ile sauti. Ikikatika yanashuka. Halafu kidole kinabonyeza haraka kuliko spini iliyopita.

## Unavyoweza kuona mwenyewe

Ukitaka kuipima sloti yoyote, hata ile ya kucheza bure isiyo na hela, usiangalie WIN kabisa. Angalia vitu viwili tu, dau la jumla na salio. Andika salio kabla hujabonyeza, andika baada ya kila kitu kutulia. Spini ikipiga muziki na salio jipya liko chini ya lile la kabla, weka alama. Hesabu mashine imesherehekea mara ngapi na salio limepanda kweli mara ngapi, ulinganishe. Angalia pia dau la jumla lenyewe, maana mara nyingine kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni dau la kila laini, 1, na lile 20 limeandikwa kidogo pembeni.

Kuzima sauti kunasaidia kiasi. Kumbuka wale wa Waterloo hata bila sauti walizidisha makadirio, kwa sababu taa na namba inayopanda bado zipo. Na kujua pia kuna kikomo. Mimi sasa najua haya yote, na bado nikisikia ile sauti inayopanda shingo yangu inageuka yenyewe kuelekea kwenye kioo.

Ndio maana siamini jibu ni kumwelimisha mchezaji peke yake. Uingereza walichukua njia nyingine. Tume yao ya kamari ilitangaza Februari 2021, na kuanzia tarehe 31 Oktoba mwaka huo sloti za mtandaoni haziruhusiwi kutumia sauti wala picha za ushindi kama kilichorudi ni sawa na dau au pungufu. Spini nayo isiwe chini ya sekunde 2.5, na kucheza kwa otomatiki kukaondolewa. Bado mchezo unaruhusiwa kuonyesha kiasi kilichorudi, na mlio mfupi wa kuashiria spini imekwisha, ila usifanane na ule wa kushinda.

Naiona kama kanuni nzuri kwa sababu haimwombi mtu awe na nidhamu, inaigusa sauti yenyewe. Ila ina mipaka yake. Inahusu sloti za mtandaoni, ile mashine iliyosimama ukumbini ni habari nyingine. Ukiweka 20 ikarudi 21, bendi inapiga kwa ajili ya 1. Na inaangalia kinachotokea baada ya matokeo kuonekana, kwa hiyo sauti ya kupanda kwenye gurudumu la mwisho, ile inayokuja kabla, haimo kwenye kifungu hicho.

Mimi ningeongeza kitu kimoja tu kidogo, na mtu yeyote anayeandika programu anaweza kukithibitisha kwamba ni kazi ya dakika chache. Kila spini ikiisha, pale pale katikati ambapo leo pameandikwa WIN 6, iandikwe tofauti ya kweli ya salio, kwa ukubwa uleule wa herufi na kwa muda uleule wa kukaa kwenye kioo: -14.